Kupendekeza Bila Kulazimisha: Funzo kwa Wahudumu wa Mezani

Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Korogwe, na baadhi yake husimama huko ili abiria wapate chakula. Tumfikirie kijana wa Ngombezi, sehemu ya mashamba ya mkonge iliyo jirani na mji huo, aliyeajiriwa katika hoteli ya barabarani. Mwajiri wake humwambia kwamba kazi yake si kubeba sahani tu, bali pia kuuza: mgeni akiagiza ugali, apendekezewe mboga, akimaliza kula, atajiwe matunda na vinywaji. Je, kupendekeza huishia wapi, na kulazimisha huanzia wapi?

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alieleza kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unatishwa, hutaka kuurejesha, hata kwa kukataa kitu ambacho huenda angekipenda. Mwaka 2000 Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual walichapisha jaribio lililofanyika Ufaransa. Wapita njia waliombwa fedha kidogo za nauli ya basi. Walipoombwa hivi hivi, asilimia 10 walitoa. Walipoongezewa maneno kwamba wako huru kukubali au kukataa, waliotoa walifikia asilimia 47.5. Kuomba nauli si sawa na kuuza chakula, na tarakimu hizo hazifai kutarajiwa mezani. Hata hivyo, jaribio hilo laonyesha kwamba kumwachia mtu uhuru wake hakumfanyi lazima akatae.

Funzo la mhudumu huanza na kusikiliza. Kwanza aurudie wito wa mgeni kwa maneno yale yale, ili makosa yagunduliwe kabla chakula hakijapakuliwa. Kisha achague kitu kimoja tu, kinachopatana na chakula kilichoagizwa na kilicho tayari jikoni, kwa maana basi halitasubiri kuku abanikwe. Akitaje pamoja na bei yake, aache nafasi ya kukataa, na jibu la kwanza liwe la mwisho. Mazungumzo yaweza kuwa hivi:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Niletee ugali na samaki.”

“Ugali na samaki. Leo pia tuna mchicha wa nazi, sahani ndogo shilingi 1,000. Ukipenda nitakuletea, usipopenda si neno.”

“Hapana, inatosha.”

“Haya mama, chakula kinakuja sasa hivi.”

Linganisha na mhudumu aulizaye, “Nikuletee soda gani?” Swali hilo limeruka swali la kwanza, yaani kama mgeni anataka soda. Mbaya zaidi ni yule afunguaye chupa na kuiweka mezani kabla hajaagizwa.

Abiria huwa na sababu zake. Mmoja hanywi kwa kuwa anaogopa kubanwa na haja njiani, naye haoni vyema kumweleza kijana jambo hilo. Mwingine ana kisukari, na mwingine amebakiwa na fedha ya kumfikisha nyumbani tu. Kwa hiyo katika mazoezi, mwanafunzi mmoja ajifanye mgeni, apewe kikaratasi chenye sababu ya siri ya kukataa. Mwenzake amhudumie hadi mwisho bila kuuliza “Kwa nini?” wala kurudia pendekezo. Akiuliza, zoezi lianze upya.

Msimamizi atajuaje kwamba funzo limeshika? Mauzo peke yake hudanganya. Tuseme mhudumu wa kwanza amewapendekezea wageni 40, nao 12 wamekubali bila manung’uniko. Wa pili naye amewapendekezea 40, wakakubali 22. Lakini 9 kati yao waliacha kinywaji bila kukigusa au waligombana naye juu ya bei wakati wa kulipa. Ukiwaondoa hao 9, walioridhika ni 13, karibu sawa na wa mhudumu wa kwanza. Tofauti ni kwamba wa pili amewaudhi watu tisa, ambao safari ijayo huenda wakabaki ndani ya basi na kula mahindi ya kuchoma yauzwayo dirishani. Ndiyo maana daftari la msimamizi lahitaji safu tatu: mapendekezo yaliyotolewa, yaliyokubaliwa, na yaliyoleta malalamiko au mabaki.

Funzo hili lina mpaka wake. Mhudumu akilipwa kwa hesabu ya chupa alizouza, atavutwa na malipo hayo kuliko na mafunzo, na maneno “usipopenda si neno” yatatamkwa huku chupa imekwisha kufunguliwa. Mwenye hoteli atakaye mapendekezo ya uungwana hana budi kwanza kuitazama namna anavyolipa.