Utangulizi: Mali Kauli kwa Mtu Usiyemjua

Anayeingia katika fani ya mikopo ya biashara hutarajia kukutana na benki mlangoni. Kumbe mkopo anaoutegemea mwenye duka siku kwa siku mara nyingi hutoka kwa muuzaji wa jumla, anayepakia mzigo leo na kungoja fedha zake mwezi ujao. Kariakoo wanauita mali kauli: chukua, uza, ulete. Kwa watu waliozoeana miaka mingi, kauli inatosha. Kitabu hiki kinamhusu mtu ambaye kauli yake bado haina uzito, kwa sababu msambazaji anayemwomba hajawahi kumwona. Anataka kufunguliwa akaunti ya mkopo, na alicho nacho ni barua, fomu, majina ya wafanyabiashara wachache wanaomfahamu, na makadirio ya atakachonunua kila mwezi.

Tatizo hili ni la zamani. Katika Zanzibar ya karne ya 19, Tharia Topan alimkopesha Tippu Tip mtaji wa msafara, deni lilipwe kwa pembe za ndovu zitakaporudi kutoka bara. Mkopo wa namna ile ulisimama juu ya kujuana na juu ya sifa iliyotangulia mtu. New York, mwaka 1841, Lewis Tappan, mfanyabiashara wa hariri aliyeumizwa na mtikisiko wa 1837, alianzisha wakala wa kukusanya habari za wafanyabiashara wa miji ya mbali na kuwauzia wenye maghala, ili wajue nani analipa na nani halipi. Fomu ya leo ya kuomba mkopo ni mtoto wa njia hizo mbili: inauliza nani anakufahamu, kisha inaenda kuhakikisha.

Wachumi wamejiuliza kwa nini muuzaji akubali kukopesha pale benki iliposita. Mitchell Petersen na Raghuram Rajan, katika makala yao ya 1997 kuhusu biashara ndogo za Marekani, walipima majibu kadhaa, na matatu yanatufaa hapa. Muuzaji humjua mnunuzi kwa gharama ndogo, maana anaona oda zake. Anaweza kumkatia mzigo akichelewa. Na bidhaa zikirudishwa mikononi mwake anajua pa kuziuza. Marcel Fafchamps, aliyewachunguza wafanyabiashara wa Kenya, Zimbabwe na nchi nyingine za Afrika, alikuta utaratibu ambao msomaji wetu ataufahamu mara moja: mteja mgeni hununua kwa taslimu kwanza, kwa miezi, na mkopo huja baadaye. Kwa hiyo anayeomba akaunti kwa barua anaomba kufupishiwa safari hiyo, na ni haki aulizwe ana kitu gani cha kuweka mahali pa miezi ile.

Tuchukue mfano wa kufundishia, duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Kwa miaka miwili limenunua saruji kwa muuzaji wa jumla wa palepale mjini. Sasa linataka kuchukua mzigo kwa msambazaji wa Dar es Salaam mwenye bei nafuu. Nyaraka hazitatuchelewesha: leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, cheti cha BRELA, taarifa ya benki ya miezi sita. Zinathibitisha kwamba duka lipo, lakini hazisemi kama hulipa.

Kazi inaanza kwenye makadirio ya mwezi. Duka letu huuza mifuko 600 ya saruji. Tukiweka bei ya jumla kuwa shilingi 15,000, hiyo ni milioni 9. Mabati na nondo ni milioni 6 nyingine. Mwenye duka anaandika milioni 15 kwa mwezi, anaomba alipe siku 30 baada ya tarehe ya ankara, na kwa hesabu ya haraka anaomba kikomo cha mkopo cha milioni 15. Hesabu inaonekana safi, lakini ina kasoro.

Duka huagiza kila wiki, mzigo wa takriban milioni 3.75. Ankara ya kwanza ni ya siku ya kwanza, ya pili siku ya 8, halafu ya 15, ya 22, na ya tano siku ya 29. Siku hiyo ya 29 ankara ya kwanza bado haijafikia muda wake, kwa hiyo ankara tano ziko wazi kwa pamoja: milioni 18.75. Kwa kikomo cha milioni 15, lori la tano litazuiwa getini ilhali hakuna aliyechelewa kulipa hata siku moja. Mwenye duka atadhani amedharauliwa, karani wa mikopo atadhani mteja amejitanua kupita uwezo, na wote wawili watakuwa wamekosea. Masharti yakisema siku 30 baada ya mwisho wa mwezi, mambo huzidi: ankara ya tarehe 1 Juni italipwa mwishoni mwa Julai, na kabla ya hapo manunuzi ya karibu miezi miwili yatakuwa yamerundikana, zaidi ya milioni 30. Manunuzi ya mwezi ni yaleyale, lakini hatari ya msambazaji imekaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana makadirio ya mwezi hayana maana mpaka yaambatane na idadi ya oda na siku za kulipa.

Wastani nao huficha majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ujenzi hupungua. Kiangazi kikikolea na mavuno yakiuzwa, watu huezeka nyumba. Duka linaloandika milioni 15 huenda linanunua milioni 9 mwezi Aprili na milioni 22 mwezi Agosti. Ni afadhali kuandika namba zote mbili na miezi yake. Msambazaji anayeona mchoro huo anajua kwamba oda kubwa ya Agosti ilitarajiwa. Asipoambiwa ataishtukia, na ana sababu nzuri ya kushtuka. Kuna ulaghai mkongwe katika biashara hii: mnunuzi mgeni huanza na oda ndogo, hulipa kabla ya muda, husifiwa, kisha huagiza mzigo mkubwa kwa ghafla na kutoweka. Dalili zake ni oda iliyoruka bila majira, bidhaa zisizo za fani yake lakini zinazouzika haraka, na ombi la kushusha mzigo kwenye ghala tofauti na lile la kwenye fomu.

Wapo wanaokuza makadirio ili wapewe bei ya wanunuzi wakubwa. Mimi siwashauri, kwa sababu isiyohusiana na maadili. Daftari la msambazaji litaonyesha ndani ya miezi mitatu kwamba aliyeahidi milioni 15 ananunua 5. Hapo bei hubadilika, kikomo hupunguzwa, na neno lake linalofuata halisikilizwi tena.

Sasa tuwaendee wanaotajwa. Mfanyabiashara anayetajwa kwenye fomu si mdhamini; hatalipa deni la mtu. Anaulizwa mambo machache: mmefanya biashara tangu lini, deni lake lilifika kiasi gani lilipokuwa kubwa kabisa, masharti yenu ni siku ngapi, na kwa kweli hulipa baada ya siku ngapi. Kati ya hayo, lenye uzito mkubwa ni deni la juu kabisa lililowahi kulipwa. Maneno kama “ni mtu mzuri” husomwa na kupitwa. Mwenye nyumba, meneja wa benki na rafiki aliyemuuzia bidhaa kwa taslimu hawafai hapa, hata wakimsifu kwa dhati, kwa kuwa hawajawahi kumkopesha mzigo.

Duka letu limetaja watatu. Muuzaji wa saruji wa Morogoro anasema: miaka miwili, deni la juu milioni 4, masharti siku 14, hulipa kwa kawaida siku ya 20. Muuzaji wa rangi: mwaka mmoja, milioni 1.2, siku 30, hajachelewa. Wa tatu ni jirani wa biashara ambaye hajawahi kulikopesha duka, huyo anafutwa. Karani mzoefu hatashangilia lile jibu la rangi. Anajua kwamba mtu anayetafuta mkopo huchagua mmoja wa kumlipa vizuri ili awe shahidi wake, huku wengine wakingoja. Atapiga simu kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye fomu, na huenda akamuuliza muuzaji ambaye hakutajwa kabisa. Vilevile atapima nia ya anayejibu, maana muuzaji wa Morogoro anapoteza mteja. Anaweza kumchafua kwa hasira, au kumsifu ili amwondoe mlangoni pake. Taarifa ya akaunti ya miezi sita yenye muhuri wa muuzaji huyo huondoa ubishi mwingi.

Weka basi namba zote mezani. Kilichothibitishwa ni milioni 4, kwa siku 20. Kinachoombwa ni zaidi ya milioni 18, kwa siku 30. Pengo hilo ndilo linaloangusha maombi, hata pale kila neno lililomo ni la kweli. Lakini angalia: mzigo wa wiki moja ni milioni 3.75. Duka likiomba kikomo cha milioni 4, na kulipa mzigo uliopita kila linapochukua mwingine, linaweza kununua mahitaji yake yote ya mwezi wa kawaida bila kuomba zaidi ya lilichokwisha kuthibitisha. Mwezi Agosti litalipia kinachozidi kwa taslimu. Barua yake inaweza kusema hivi:

“Tunatarajia kununua kwenu bidhaa za wastani wa shilingi milioni 15 kwa mwezi, kwa mizigo minne; masika takriban milioni 9, Agosti takriban 22. Tunaomba kikomo cha milioni 4, tukilipa kila ankara ndani ya siku 7, na tunaomba kikomo hicho kiangaliwe upya baada ya miezi mitatu. Muuzaji wetu wa saruji atawaambia kwamba tumekuwa tukimlipa siku ya 20 badala ya 14. Sababu ni mteja mmoja wa ujenzi aliyekuwa akitulipa mwisho wa mwezi, na sasa tunamuuzia kwa taslimu.”

Sentensi zile mbili za mwisho zina faida kuliko zote. Karani angeugundua ucheleweshaji huo kwa simu moja. Akiusikia kwanza kwa mwombaji, pamoja na sababu inayoweza kuhakikiwa, unabaki kuwa habari tu.

Asiye na wa kumtaja, kwa kuwa amenunua kwa taslimu siku zote, ana njia ndefu kidogo: anunue kwa msambazaji huyohuyo kwa taslimu miezi mitatu hadi sita, atunze risiti za mashine, kisha aombe mkopo wa mzigo mmoja. Dhamana ya benki inaweza kumfupishia njia, ila benki hutoza ada na mara nyingi hutaka amana.

Jambo moja nimelichelewesha kwa makusudi, kwa sababu hukaa mwishoni mwa fomu kwa herufi ndogo. Kampuni inapoomba, mara nyingi mkurugenzi hutakiwa kutia saini ya pili, na saini hiyo humfanya mdhamini binafsi. Kampuni ikishindwa kulipa, atadaiwa yeye kwa mali zake. Fomu ina saini mbili zinazofanana kwa sura. Ulizia ya pili inafunga nini kabla ya kuiweka.

Sura ya kwanza inaanza na fomu yenyewe, mstari kwa mstari. Nakuomba uisome ukiwa na ankara zako za miezi 12 iliyopita mkononi.