Sifuri Isiyoaminika Kwenye Mdomo wa Chemba

Fundi wa maji taka anayejiandaa kuteremka kwenye chemba hubeba kifaa cha ukubwa wa simu ya zamani, kimebanwa kifuani karibu na pua. Kioo chake kina namba nne. O2 ni oksijeni, na hewa safi huipa 20.9. LEL ni gesi inayoweza kuwaka, CO ni kaboni monoksaidi, na H2S ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Hewa ikiwa safi, hizo tatu za mwisho husoma sifuri, na fundi anashika ngazi.

Ubaya ni kwamba kifaa ambacho vihisi vyake vitatu vimekufa nacho husoma vivyo hivyo: 20.9, sifuri, sifuri, sifuri. Taa inawaka, betri imejaa, na kifaa kilipowashwa asubuhi kililia na kutetemeka kama kawaida yake. Lakini mlio ule wa kuwasha unakagua betri, spika na saketi tu. Hakuna gesi iliyofika kwenye kihisi, kwa hiyo kifaa hakijui kama bado kinaweza kuinusa.

Sababu imo ndani ya vihisi vyenyewe. Kihisi cha H2S na kile cha CO ni vyumba vidogo vyenye kemikali. Gesi ikipenya, kemikali hutoa mkondo mdogo wa umeme, na kifaa huugeuza kuwa namba. Pasipo gesi hakuna mkondo. Kihisi kilichokauka au kuzibwa na tope nacho hakitoi mkondo. Kihisi cha gesi inayowaka hufanya kazi kwa joto: ndani yake kuna punje ndogo iliyopakwa kichocheo, na gesi ikiigusa huungua pale pale, punje ikazidi kupata moto, kifaa kikapima tofauti hiyo. Kichocheo kikishaharibika, gesi hupita bila kuungua na kioo husema sifuri. Oksijeni pekee ina afadhali. Kihisi chake hutoa umeme muda wote kwa kuwa oksijeni iko kila mahali, na kikianza kuchoka namba hushuka na king'ora hulia chenyewe. Hivyo kati ya vihisi vinne, kimoja huugua kwa kelele na vitatu hufa kimya.

Kinachoviua mara nyingi ni vitu vya kawaida kabisa. Adui mkubwa wa punje ya kichocheo ni silikoni, nayo imo kwenye dawa za kung'arisha dashibodi, kwenye baadhi ya vilainishi na kwenye gundi za kuzibia madirisha. Gari la kazi linaoshwa Jumamosi, dereva anapulizia dashibodi hadi inang'aa, na Jumatatu kifaa kinasafiri juu ya dashibodi hiyo hiyo, vioo vimefungwa, jua la Dar es Salaam au Mombasa likichemsha ndani. Mvuke wa silikoni unaganda juu ya kichocheo, na joto nalo linakausha vihisi vya kemikali. Sijaona maelekezo ya kazi yanayomkataza dereva kupaka dashibodi dawa, ingawa yangefaa kuwekwa ukurasa wa kwanza. Zaidi ya hapo kuna kudondoka, kuna maji machafu kwenye vichujio, na kuna dozi kubwa ya gesi ya siku iliyotangulia ambayo kifaa kilistahimili kwa shida.

Njia ya kujua ni moja tu: kukipa kifaa gesi yenyewe na kuona kinafanya nini. Mafundi huliita zoezi hili bampu testi. Unahitaji mtungi mdogo wenye mchanganyiko wa gesi unaojulikana. Mchanganyiko unaotumika sana una H2S 25 ppm, CO 100 ppm, methani ya kiasi cha LEL asilimia 50, na oksijeni asilimia 18. Kilichobaki ni nitrojeni. Kiasi hicho kinavuka mpaka wa kengele kwa kila gesi, kwa sababu vifaa vingi hupangwa kulia H2S ikifika 10, CO 35, LEL asilimia 10, na oksijeni ikishuka chini ya 19.5. Kwenye mtungi unafunga regyuleta inayotoa takriban nusu lita kwa dakika, unaunganisha mpira, unavalisha kifaa kifuniko chake cha majaribio na kufungua gesi. Katika nusu dakika hivi, king'ora kinapaswa kulia, taa kumulika, kifaa kutetemeka, na namba zote nne kuhama. Kazi nzima ni dakika moja au mbili.

Wengi huishia hapo: kimelia, kimefaulu. Lakini inafaa kutazama namba zenyewe. Chukua mfano wa kifaa kilichovalishwa mtungi huo, kikasoma O2 18.1, LEL 48, CO 97 na H2S 17. Kila king'ora kimelia, kwa kuwa 17 ni zaidi ya 10. Hata hivyo mtungi una 25, na kifaa kimeiona 17, yaani asilimia 68 tu ya gesi iliyopo. Peleka upungufu huo chembani. Gesi ya kweli ikifika 10, kioo kitaonyesha karibu 7, na king'ora kitakaa kimya. Hakitalia mpaka gesi ya kweli ifike karibu 15. Kifaa kinafanya kazi, ila kinachelewa, na fundi aliyeko chini hajui.

Hapo ndipo kalibresheni inapohitajika. Bampu testi inauliza kama kifaa kinaiona gesi na kulia. Kalibresheni inakirekebisha kisome sawasawa, kama fundi wa mizani anavyoweka jiwe la kilo moja halafu kuirudisha mizani ya muuza nyama kwenye kilo moja. Unaingia kwenye menyu ya kalibresheni, unahakikisha namba zilizoandikwa kwenye mtungi ndizo zilizomo kwenye kifaa, unapitisha gesi, na kifaa kinajifunza upya kwamba mkondo ule hafifu sasa ndio 25. Kihisi kinaweza kurekebishwa hivyo mara nyingi, lakini hakifufuki. Kikidhoofika kupita kiasi, kifaa hukataa kalibresheni, na dawa ni kubadilisha kihisi. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba usomaji ukitofautiana na mtungi kwa zaidi ya asilimia 10, kifaa kikalibreshwe kabla ya kazi. Mtengenezaji akiwa ametoa kiwango chake, cha kwake ndicho kifuatwe.

Kabla ya gesi ya mtungi kuna hatua ndogo inayoharibu mengi: kukiwekea kifaa sifuri kwenye hewa safi. Gari la kunyonya maji taka huwa linanguruma pembeni, na fundi anabonyeza sifuri akiwa nyuma ya bomba la moshi. Tuseme hapo pana CO 20 ppm. Kifaa kimeambiwa kwamba 20 ndiyo sifuri. Akishuka kwenye CO ya kweli ya 50, kioo kinaonyesha 30, chini ya mpaka wa 35, na king'ora hakilii. Sogea upande upepo unakotokea, mbali na injini na mbali na mdomo wa chemba uliokwisha kufunguliwa, ndipo ubonyeze.

Mtungi wenyewe nao una mwisho. H2S huungana na kuta za chuma, ndiyo maana mchanganyiko wake huwekwa kwenye mitungi ya aluminiamu na kupewa tarehe ya kuisha. Mtungi uliopitwa na wakati unaweza kubaki na 15 mahali pa 25, na ukikalibresha kwa huo umekifundisha kifaa kukuza gesi kuliko ilivyo. Kitakupigia kelele za bure, nawe baada ya wiki utaanza kuzipuuza.

Mitungi hii ni ghali, na kwa kuwa ni gesi iliyoshindiliwa, kuisafirisha kwa ndege kuna masharti mengi. Ndipo hila zinapozuka. Kuna anayekipulizia kifaa pumzi. Kinalia, naye anatabasamu. Pumzi anayotoa mtu ina oksijeni kama asilimia 16 au 17, kwa hiyo kilicholia ni kihisi cha oksijeni, kile kile ambacho hakikuwa na tatizo. Mwingine hufungua kiberiti cha gesi mbele ya kifaa. Butani ile ni nyingi mno na haina kipimo. Inaweza kuchosha punje ya kichocheo, na haisemi lolote kuhusu H2S. Isitoshe, kichocheo kinapoanza kuharibika, methani ndiyo ya kwanza kupotea machoni pake. Kifaa kinaweza bado kuiona butani huku kikiwa kipofu kwa methani, na methani ndiyo iliyoko kwenye maji taka.

Msimamizi anaweza kuuliza, si tulikipima jana? Chama cha watengenezaji wa vifaa vya usalama cha Marekani, ISEA, kinashauri upimaji huu ufanywe kila siku kabla ya kuanza kazi. Kwa timu inayofungua chemba baada ya chemba ningeongeza: kila kifaa kinapodondoka, kinapolowa, au kinapotoka mahali kilipolia kwa gesi nyingi, kipimwe tena kabla ya chemba inayofuata. Kitu kilichokiua kihisi saa nne hakisubiri kesho.

H2S haitoi nafasi ya pili. Kwa kiasi kidogo inanuka. Ikifika karibu 100 ppm pua inaacha kuisikia, na mtu hudhani gesi imeondoka. Ikipanda mamia kadhaa zaidi, pumzi chache zinatosha kumwangusha. Tarehe 16 Januari 2017 huko Key Largo, jimbo la Florida, mfanyakazi mmoja aliingia kwenye chemba, akazimia. Wa pili akamfuata kumwokoa, kisha wa tatu. Wote watatu walikufa. Mzimamoto aliyeshuka bila mtungi wake wa hewa, kwa kuwa tundu lilikuwa jembamba, alitolewa akiwa mahututi. Humo mlikuwa na haidrojeni salfaidi na methani.

Kifaa kikishafaulu, soma oksijeni kwanza. Punje ya kichocheo huunguza gesi, na kuungua kunataka oksijeni. Hewa ikiwa na chini ya asilimia 10 hivi, namba ya LEL haina maana hata kama kihisi ni kipya na kimekalibreshwa asubuhi hiyo. Teremsha kifaa, au mpira wa pampu yake, kabla ya mtu, na usome juu, katikati na chini, ukisimama kila mita moja na kidogo, kwa sababu methani hupanda na H2S hukaa chini. Ukitumia mpira, subiri: gesi huchukua sekunde kadhaa kwa kila mita kupanda hadi kwenye kihisi, na mpira wa mita sita uliosomwa baada ya sekunde tano umepima hewa ya barabarani.