Makaa mekundu yasiyo na moshi: hatari ya kulala kwenye kabini iliyofungwa

Madereva wa malori yanayotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hulala ndani ya magari yao, na usiku wanaoupata hutegemea wameegesha wapi. Ruaha Mbuyuni joto halipungui hata usiku wa manane. Makambako, miezi ya Juni na Julai, baridi hupenya mpaka kwenye mifupa. Kote kuwili utakuta vioo vya kabini vimepandishwa hadi juu, na ukiuliza kwa nini, mara nyingi hutajiwi baridi wala mbu. Utaambiwa, "Tunaogopa kupuliziwa dawa."

Hofu hiyo ina chanzo cha kueleweka. Mtu anaamka asubuhi, kichwa kizito, turubai limechanwa, tangi la dizeli limenyonywa, na yeye hakusikia lolote. Lakini chuo cha kitaalamu cha madaktari wa usingizi nchini Uingereza kiliwahi kulitolea tamko suala hili la watu kupuliziwa gesi wakiwa wamelala kwenye magari, na kikasema haliwezekani kwa namna linavyosimuliwa. Kumlaza mtu kwa hewa kunataka dawa nyingi, na baadhi ya dawa hizo zina harufu kali ya kumwamsha. Dereva aliyeendesha tangu alfajiri hahitaji dawa ili asisikie mwizi, uchovu unatosha. Dawa inayofaa kuogopwa ni ile inayotiwa kwenye juisi au chakula cha mtu usiyemjua.

Nalisisitiza hili kwa sababu hofu ya dawa ndiyo inayofunga vioo, na vioo vikishafungwa ndipo hatari ya kweli inapoingizwa ndani kwa mikono ya wenyewe.

Kufunga vioo peke yake hakuui. Kabini yenye kitanda ina hewa ya lita 6,000 hivi, na ina mianya kwenye raba za milango na matundu ya kupitisha nyaya. Hewa chafu ya pumzi hujikusanya, unaamka kichwa kikiuma na mdomo umekauka, umelala saa nyingi lakini hujapumzika. Huenda wengi wanaoamini walipuliziwa dawa wameamka na kichwa cha namna hiyo. Ni adha, lakini si kifo. Kifo huja na moto.

Chukua usiku mmoja wa Julai pale Makambako. Dereva na utingo wake wamewasha jiko la mkaa nje, wamechemsha chai, wamesubiri moshi uishe. Makaa yakishakuwa mekundu, bila moshi wala harufu, wanaliingiza jiko kabini na kufunga milango. Wanajiona wamekuwa waangalifu, kwa kuwa moshi umekwisha. Kumbe makaa mekundu ndiyo yanayotoa kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala muwasho.

Hesabu yake ni fupi. Konzi moja ya mkaa, gramu 100 hivi, ikiungua inaweza kutoa gramu 20 za gesi hiyo, ambazo ni lita 17 kwa makadirio. Zitawanye kwenye lita 6,000 za hewa ya kabini, utapata sehemu karibu 2,800 kwa kila milioni. Kwenye sehemu 1,600 kichwa huanza kuuma ndani ya dakika 20, na mtu anaweza kufa ndani ya saa mbili. Mianya ya kabini itapunguza kiasi hicho, lakini jiko nalo halina konzi moja tu. Na aliyelala hasikii kichwa kikimuuma.

Gesi hii huua kwa sababu inakishika kile kijenzi cha damu kinachobeba oksijeni, na inakishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ndiyo maana hata ukitoka nje ukapumua hewa safi, inachukua saa nne hadi tano kwa nusu tu ya gesi hiyo kuondoka mwilini. Dereva aliyenusurika akang'oa lori saa kumi na moja alfajiri, anaendesha huku sehemu ya damu yake haijarudi kazini.

Dalili zake hudanganya. Kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na miguu kuishiwa nguvu: mtu husema malaria. Tofauti ni kwamba hapa kwa kawaida hakuna homa, nafuu huja ukishatoka nje, na waliolala kabini moja huugua kwa pamoja. Malaria haipigi watu wawili kwa saa moja. Ukimkuta mwenzako hazinduki, fungua milango yote miwili, mtoe nje haraka, mlaze ubavu iwapo anapumua, kisha mpeleke hospitali yenye oksijeni. Usimnyweshe maziwa. Sumu haiko tumboni, iko kwenye damu, na asiyejitambua maziwa yanaweza kumpalia.

Injini nayo isiachwe ikinguruma usiku kucha kwa ajili ya kiyoyozi. Dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, lakini ekzosi iliyotoboka chini ya kabini, au lori lililobanwa kati ya ukuta na malori mengine yanayonguruma, hurudisha moshi ndani. Gari dogo la petroli ni hatari zaidi, hasa lililotolewa masega kwenye ekzosi. Kiyoyozi kikiwekwa kuzungusha hewa ya ndani karibu hakiingizi hewa mpya.

Basi hewa ipite vipi bila kumkaribisha mwizi? Shusha vioo vya pande zote mbili, upana wa vidole viwili kila upande, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Mkono haupiti hapo. Bana kipande cha chandarua kwenye mwanya kuzuia mbu. Kama kabini ina kidirisha cha paa, hicho ndicho bora, kifungue. Kwa baridi, blanketi la pili, soksi na kofia vinatosha. Jiko libaki nje, hata likiwa na majivu tu, kwa sababu chini ya majivu mkaa bado unawaka.

Ulinzi wenyewe huanza na mahali. Yadi yenye mlinzi na taa, hata ukiilipia, ni afadhali kuliko bega la barabara, ambako lori linaloacha njia huja moja kwa moja kwa aliyelala. Utingo asilale chini ya tela. Jirani akiondoa gari gizani hamwoni. Milango mnaweza kuifunga kwa ndani kwa mkanda uliopitishwa kwenye mishikio yote miwili, ilimradi unafunguka kwa mvuto mmoja, maana moto ukitokea hakuna muda wa kufungua fundo.

Linalobaki ni usingizi wenyewe. Dereva anayelala sikio likiwa kwenye tangi hazami kabisa usingizini, hata akijinyoosha saa nane. Wakiwa wawili, utingo akeshe dereva anapolala saa sita au saba mfululizo, na yeye alale safari ikiendelea. Usingizi huo uangukie kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kuanzia saa nane usiku mwili hushuka nguvu kuliko wakati wowote, hata kwa aliyezoea barabara. Na akiamka asikanyage mafuta papo hapo. Ubongo huchukua dakika 15 hadi 30 kuamka sawasawa, na muda huo unatosha kunawa uso, kupiga matairi moja moja na kukagua kamba za turubai.