Wastani wa Gharama ya Mtaji na Nafuu ya Kodi Itokanayo na Riba

Fedha za kampuni hutoka kwa wenye hisa na kwa wakopeshaji, na kila upande unadai malipo yake. Mkopeshaji hutaka riba. Mwenye hisa hutarajia faida kubwa zaidi, kwa kuwa hulipwa mwisho na hana dhamana. Kila gharama ikipimwa kwa uzito wa fungu lake ndani ya mtaji, kisha zikajumlishwa, hupatikana wastani wa gharama ya mtaji. Mradi usioweza kuzalisha kiwango hicho unawapunja waliotoa fedha.

Chukua kiwanda cha kukamua alizeti cha kubuni mkoani Singida, chenye mtaji wa shilingi bilioni 10. Bilioni 6 ni za wenye hisa wanaotarajia asilimia 20, na bilioni 4 ni mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 15. Kwa hesabu ya haraka, wastani ni asilimia 18. Lakini hesabu hiyo imesahau kodi.

Nchini Tanzania kampuni kwa kawaida hutozwa asilimia 30 ya faida, na riba ya mkopo wa biashara huondolewa kwanza kama gharama. Gawio haliondolewi. Tuseme kiwanda kinapata bilioni 3 kabla ya riba na kodi. Bila mkopo, kodi ingekuwa milioni 900. Kwa kuwa riba ni milioni 600, kodi inatozwa kwenye bilioni 2.4 na kuwa milioni 720. Milioni 180 zimebaki kiwandani, kwa hiyo mkopo wa asilimia 15 kwa kweli unagharimu asilimia 10.5:

```
(0.6 × 20%) + (0.4 × 15% × (1 − 0.3)) = 16.2%
```

Mradi wa kuzalisha asilimia 17, uliokuwa umekataliwa, sasa unapita. Hata hivyo, hapa ndipo wengi hukosea: mapato ya mradi huo lazima yakokotolewe kana kwamba hakuna mkopo, kodi ikiwa kamili. Ukipunguza kodi kwenye mapato na tena kwenye wastani, nafuu moja inahesabiwa mara mbili, na mradi mbovu unaonekana mzuri.

Franco Modigliani na Merton Miller ndio walioonyesha mwaka 1963 jinsi nafuu hii inavyoongeza thamani ya kampuni. Ila haina maana kwamba mkopo ukizidi ndivyo inavyofaa. Kiwanda kikipata hasara, hakuna kodi ya kupunguza mwaka huo. Deni likikua, wenye hisa huona hatari zaidi na kudai zaidi ya ile asilimia 20, na benki nayo hupandisha riba. Sheria nayo ina kikomo: kwa kampuni za Tanzania zinazomilikiwa kwa robo au zaidi na wasio wakaazi, riba ya deni linalovuka uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji wa hisa haikubaliki kama gharama. Riba ya ziada hiyo hulipwa yote, bila nafuu.