Umeme Ukikatika Gemu Ikiwa Inasevu

Umeme ukikatika mechi ikiwa inaendelea, mara nyingi kinachopotea ni mechi hiyo tu. Ukikatika mashine ikiwa inasevu, unaweza kupotea msimu mzima wa ligi uliouchezea kwa miezi.

Chukua kibanda cha gemu cha mtaani chenye PS4, televisheni na ruta. Ile alama ndogo inayozunguka pembeni mwa kioo maana yake ni kwamba mashine inaandika kwenye diski. Inaandika data yenyewe, kisha inarekebisha orodha inayoonyesha kila faili limekaa wapi. Umeme ukiondoka katikati ya kazi hiyo, faili linabaki nusu, au orodha inaelekeza mahali ambapo hapana kitu. Ndipo unaona gemu imetoweka kwenye menyu, mashine inachukua muda mrefu mno kuwaka, au maneno "Corrupted Data" mahali ulipokuwa msimu wako.

Umeme ukirudi, mashine itasema haikuzimwa ipasavyo na itaanza kukagua diski. Iache imalize. Ikiendelea kusumbua, izime kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba hivi. Unganisha pedi kwa waya wa USB, ubonyeze kitufe cha PS, halafu chagua "Rebuild Database". Hatua hiyo inaipanga orodha upya na haifuti gemu zako, ingawa sevu iliyokwisha kuharibika haitaifufua. Usikimbilie "Initialize PS4", kwa sababu hiyo inafuta kila kitu. Dawa ya sevu ni kuwa na nakala kwenye fleshi kabla balaa halijafika.

Wengi hununua stabilaiza wakidhani wamemaliza kazi. Mashine hizi zimeundwa kupokea umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo ukishuka polepole mpaka 180 hazijali. Zinaumizwa na kukatika ghafla, na umeme unaporudi kwa kishindo au kuja na kuondoka mara tatu ndani ya dakika moja. Stabilaiza haina betri, hivyo umeme ukikatika nayo inazima. Ukiwa huna kinga nyingine, chomoa plagi umeme unapokatika na usirudishe mpaka utulie kwa dakika chache.

Ruta nayo ina namna yake ya kuumia. Mipangilio yake imehifadhiwa kwenye kumbukumbu ambayo hufutwa kipande kizima kwanza, ndipo kipande hicho kiandikwe upya. Umeme ukiyumba hapo katikati, mipangilio inapotea. Dalili ni rahisi kuitambua: jina la waifai ulilolichagua limeondoka, na limerudi lile lililoandikwa kwenye stika ya chini. Hatari kubwa zaidi ni umeme kukatika ruta inaposasisha programu yake, maana inaweza isiwake tena.

Hapa ndipo watu wanapokosea manunuzi, kwa sababu vifaa hivi viwili havihitaji kitu kimoja. Gemu inahitaji dakika chache tu, za kusevu na kuzima kwa utaratibu. UPS ya kompyuta ya VA 650, ambayo kwa kawaida hubeba wati 360 hivi, inatosha kwa PS4 na televisheni ya wastani kwa dakika kumi hivi betri ikiwa mpya. Televisheni lazima iwe kwenye UPS hiyohiyo, la sivyo utabaki na mashine inayofanya kazi huku huoni pa kubonyeza. Ikianza kulia, sevu na uzime, usimalizie mechi. Betri yake huchoka baada ya miaka miwili au mitatu, na joto huiwahisha.

Ruta hula umeme kidogo sana, wati nane hivi, na inafaa iendelee kwa saa kadhaa. Yapo maboksi madogo ya betri ya lithiamu yanayokaa kati ya adapta na ruta. Ukiona yameandikwa mAh 8800, hesabu hiyo ni ya betri ya ndani yenye volti 3.7, si volti 12 zinazotoka. Zidisha 8.8 kwa 3.7 upate kama wati-saa 32, toa kinachopotea njiani zibaki 27, gawanya kwa nane: saa tatu na kidogo. Anayekuahidi kutwa nzima anakudanganya. Kama intaneti yako ni ya faiba na ina kiboksi cha pili ukutani, nacho kinahitaji betri, vinginevyo waifai itawaka bila intaneti.

Soma volti kwenye adapta ya ruta yako kabla ya kwenda dukani, kwani ruta ya volti 9 ikichomekwa kwenye 12 inaweza kuungua. Ikiwezekana nenda nayo. Mwombe muuzaji aiunganishe kwenye boksi hilo, kisha achomoe adapta ukutani. Taa za ruta zikizima hata kidogo na kuwaka tena, usilinunue.