Shaba Kiasi Gani Ndani ya Mrututu?

Nusu gramu ya mrututu, zile chenga za buluu, huyeyushwa kwenye maji yenye asidi kidogo, kisha hutiwa iodidi ya potasiamu kwa wingi. Shaba hugeuka unga mweupe wa iodidi ya shaba na kuachia iodini ya kahawia, ambayo hupimwa kwa thaiosulfati kutoka kwenye bureti, wanga ukiwa kionyeshi.

Unga huo hung'ang'ania iodini. Buluu ikishatoweka, hurudi.

Ndiyo maana thaiosianati huongezwa karibu na mwisho. Uso wa unga hugeuka thaiosianati ya shaba, ngumu zaidi kuyeyuka, na iodini iliyonaswa huachiwa. Ikitiwa mapema, thaiosianati hula iodini na jibu hupungua.

Mililita 20.0 za thaiosulfati ya moli 0.1 kwa lita ni gramu 0.127 za shaba: asilimia 25.4, kama mrututu safi.