Saa ya uso wazi na mgongo wa kioo: vumbi linapitia wapi?

Katika masoko ya Kasongo na Kabambare, kuna saa za mkono ambazo mutu akizikamata hataki kuziacha. Uso wake umetobolewa, unaona magurudumu ya meno yakizunguka ndani. Ukigeuza saa, mgongo nao ni wa kioo, unaona mitambo mpaka nyuma. Swali ambalo wanunuzi wanauliza ni lile lile: saa ya wazi namna hii, mu vumbi yetu ya kiangazi, itadumu?

Tuanze na vumbi, juu hapo ndipo watu wengi wanakosea. Uso wa saa ukiwa wazi, haina maana kwamba saa iko wazi. Kile kilichotobolewa ni ile sahani yenye namba. Juu yake kungali kioo, sawa na saa nyingine zote. Vumbi haliwezi kupita kwenye kioo. Linapita kwenye maungio: pale kioo kinapokutana na chuma, pale mgongo unapofungwa, na zaidi kwenye kile kichwa kidogo cha pembeni unachozungusha ili kutia saa ufunguo. Kila pahali hapo panazibwa na kampira kembamba ao na gundi. Kampira kakikauka ao kakikatika, mlango umefunguka.

Tofauti ya kweli iko mahali pawili. Ya kwanza: mu saa ya kawaida, chembe ya vumbi ikiingia kwa mbele inaangukia kwanza kwenye ile sahani, na mara mingi inabaki pale. Mu saa ya uso wazi, hakuna sahani ya kuipokea, chembe inaangukia moja kwa moja kwenye magurudumu. Ya pili: mgongo wa chuma kitupu una ungio moja tu, pale unapokutana na mwili wa saa. Mgongo wa kioo una maungio mawili, juu kile kioo chenyewe kimepachikwa ndani ya pete ya chuma. Kiwanda kikifanya kazi vizuri, ungio hilo la pili halina shida. Kuna saa za Kijapani za Seiko 5 zenye sahani ya kawaida mbele na mgongo wa kioo nyuma, na watu wanazivaa miaka na miaka. Lakini kiwanda kikitafuta kupunguza gharama, kioo cha nyuma kinabandikwa na gundi kidogo, na jasho la mkono linaanza kuila.

Vumbi likiisha kuingia, linafanya nini? Magurudumu ya saa yanazunguka juu ya matone madogo sana ya mafuta. Vumbi likichanganyika na mafuta hayo, linakuwa kama dawa ya kusugulia vyuma. Saa haisimami siku ile ile. Inaanza kuchelewa, dakika mbili leo, tano kesho. Utajaza springi, itatembea nusu siku na kusimama. Hapo haihitaji springi mpya. Inahitaji kufunguliwa yote, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya. Kazi hiyo kwa saa ya bei ndogo inaweza kupita bei ya saa yenyewe.

Tukuje kwa kusoma saa. Hapa uso wazi unapoteza kwa kweli. Mishale ya rangi ya fedha ikipita juu ya magurudumu ya rangi ya fedha, macho yanatafuta. Kwa mutu anayetaka tu kujua kama adhuhuri imefika, si neno. Kwa mwingine, ni neno kubwa.

Kamata mfano wa muuguzi mu kituo cha afya, upande wa Kabambare. Mtoto wa miezi minane anakohoa. Muuguzi anapaswa kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 12, pumzi 50 ao zaidi kwa dakika ni nyingi mno, na mtoto mwenye kikohozi anaangaliwa kama mwenye ugonjwa wa mapafu. Tuseme mtoto huyu anapumua mara 52 kwa dakika. Kama mshale wa sekunde umepotea kati ya magurudumu, na muuguzi akaacha kuhesabu kwenye sekunde ya 55 akidhani dakika imetimia, atapata 47 ao 48. Kwenye karatasi mtoto anaonekana mzima. Sekunde tano tu zimemficha. Kwa kazi hiyo, saa nzuri ni ile ya uso mweupe, mishale myeusi, na mshale mrefu wa sekunde unaofika mpaka kwenye alama, hata kama ni ya betri na haina urembo.

Sasa bei. Mu mafundi wakubwa wa Ulaya, saa ya uso wazi ni ghali juu fundi anakata chuma cha mitambo na msumeno mdogo, halafu anapiga tupa kila ukingo kwa mkono. Ni kazi ya siku nyingi. Zile zinazouzishwa kwa meza sokoni hazikupita njia hiyo: mashine imetoboa chuma kwa pigo moja, na sahani imeachwa tu. Kwa hiyo uwazi peke yake si alama ya thamani. Saa mbili zikiwa na bei moja, tuseme dola 25 kila moja, ile ya urembo mwingi imekula makuta kwenye urembo. Nyingine iliweza kuyatia kwenye kioo kigumu na mgongo unaofungwa vizuri. Kuna pia za uongo: magurudumu yamechorwa tu, na chini kuna betri. Utazijua kwa mshale wa sekunde. Ukiruka mara moja kila sekunde, karibu kila mara ni betri. Saa ya springi mshale wake unatembea kwa vijihatua vidogo, tano, sita ao nane kwa sekunde moja.

Kabla ya kutoa makuta, fanya hivi. Nyoosha mkono, ukae kivulini, utupe jicho mara moja. Kama hukupata saa na dakika palepale, hutazipata juu ya pikipiki. Geuza mgongo: ule unaozungushwa kama kifuniko cha chupa unaziba vizuri kuliko ule unaobonyezwa tu. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kioo cha nyuma. Kama unakwama ao kioo kinacheza, acha. Mwisho, pasha saa moto mkononi dakika chache, utie tone la maji ya baridi juu ya kioo. Ukungu ukionekana kwa ndani, unyevu umekwisha kuingia, na pale unyevu ulipopita vumbi linaweza kupita. Usipoonekana, haihakikishi kila kitu, lakini ni dalili nzuri.

Na kama unayo tayari, usivute kile kichwa cha pembeni ukiwa njiani, na usikubali ifunguliwe kando ya barabara wakati magari yanapita. Mwambie fundi aifungulie ndani ya nyumba, mlango umefungwa.